Gawio la Asilimia 14

Mwezi wa nne mwaka 2022 nilipokea gawio la shilingi 420,000 kutoka SACCO yetu hapa Busia, upande wa Uganda. Nililipia kodi ya kibanda, nikaongeza gunia la mukene, na jioni nikarudi nyumbani na nyama. Kwa miaka sita niliyokuwa mwanachama, hilo ndilo gawio kubwa kuliko yote niliyowahi kupata.

Wiki chache baadaye, shule zikifunguliwa kwa muhula wa pili, nilikwenda kutoa 600,000 kwenye akiba yangu nilipe karo. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwa wauza chapati. Nilipofika dirishani, binti wa kaunta alinipa noti za jumla ya 200,000.

"Mama, wiki hii tunatoa laki mbili tu kwa kila mtu."

"Kwani pesa zangu zimekwenda wapi?"

"Kwenye kitabu zipo, Mama. Njoo Jumatatu."

Jumatatu nilirudi, na Jumatatu iliyofuata pia. Watoto wangu wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo huku kitabu changu cha akiba kikionyesha milioni nne na laki sita. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba zile 420,000 za mwezi wa nne na zile 400,000 nilizokosa dirishani zilikuwa jambo moja. Tulilipana gawio kwa fedha za akiba zetu wenyewe. Nami nilinyoosha mkono kulipitisha.

Mimi ni mfanyabiashara wa mukene, wale samaki wadogo wakavu ambao wenzetu ng'ambo ya mpaka wanawaita omena. Nawachukua Majanji kwenye mwalo, nawauza hapa mjini, na wateja wangu wengi wanavuka kutoka upande wa Kenya. SACCO yetu ilianzishwa na watu kama mimi: wauza samaki, wauza nguo za mitumba, mahindi, watu wa boda boda, wanaobadilisha fedha. Sitaitaja jina, kwa sababu bado ipo na bado ni yetu. Wakati huo tulikuwa wanachama zaidi ya mia sita.

Ukijiunga unakuwa na fedha za aina mbili mle ndani, na wengi wetu tulizichukulia kama mifuko miwili ya suruali moja. Ya kwanza ni hisa. Kwetu hisa moja ni shilingi 20,000, na mimi nilikuwa na hisa 150, yaani milioni tatu. Ya pili ni akiba, ile unayoweka kila wiki au kila siku mtoza fedha anapopita kibandani. Akiba unaidai: chama kina deni kwako, na ukiihitaji kinapaswa kukurudishia. Hisa huwezi kuidai. Hisa maana yake ni kwamba umenunua kipande cha chama. Kikipata faida unapata gawio, kikipata hasara hisa zako ndizo zinazoliwa kabla akiba ya mtu yeyote haijaguswa. Kwa kanuni zetu hisa haitolewi dirishani hata siku moja. Ukitaka kuondoka unamtafuta mwanachama mwingine akununue, bodi inaidhinisha, jina linabadilishwa kwenye daftari.

Malipo yake nayo hayafanani. Riba ya akiba, kwetu asilimia 4 kwa mwaka, hupangwa mapema na bodi na huhesabiwa kama gharama, sawa na mshahara wa mlinzi. Gawio halipangwi mapema. Gawio ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kulipwa na baada ya hasara kuhesabiwa, na mkutano mkuu wa mwaka ndio unaoamua kama kitagawanywa na kiasi gani. Ndiyo maana mtu anayekuambia "njoo ununue hisa, sisi tunalipa asilimia 14" anakueleza habari za mwaka uliopita. Mwaka ujao hana uwezo wa kuuahidi.

Jirani yangu wa kibanda aliingia kwenye mtego mwingine mdogo hapo hapo. Mwezi wa kumi na moja alinunua hisa 50 kwa milioni moja, akitarajia kupata 140,000 mkutano ukifika. Alipata elfu kumi na moja na kitu. Gawio letu huhesabiwa kwa miezi ambayo hisa imekaa, kuanzia mwezi unaofuata ule ulionunua, kwa hiyo yeye alikuwa na mwezi mmoja tu kati ya kumi na miwili. Alikasirika sana, lakini hapo chama hakikumkosea.

Sasa nieleze mkutano wenyewe.

Ulifanyika mwezi wa tatu 2022 kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Tulifika saa tatu, tukaanza saa tano. Kila mtu alipewa kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kwa Kiingereza, na wengi wetu tulikiweka chini tukakikalia maana viti vilikuwa na vumbi. Mkaguzi wa hesabu alisoma kwa dakika kama ishirini. Mapato ya mwaka 2021 yalikuwa milioni 140, nyingi zikiwa riba ya mikopo. Gharama zilikuwa milioni 99. Ziada, milioni 41. Watu walipiga makofi, kwa sababu ulikuwa mwaka wa pili wa korona na kila mtu sokoni alikuwa amechechemea.

Mwenyekiti akaeleza mgawanyo. Kwa mujibu wa kanuni zetu, asilimia 10 ya ziada inakwenda kwenye mfuko wa akiba ya chama, ule usioguswa, na asilimia 1 kwenye elimu ya wanachama. Inabaki milioni 36 na nusu. Bodi ilipendekeza gawio la asilimia 10. Hisa zetu zote kwa pamoja zilikuwa milioni 180, kwa hiyo gawio lingekuwa milioni 18, na zilizobaki zingeachwa ndani kuimarisha mtaji.

Hapo mzee mmoja wa mitumba akasimama. Akasema chama cha jirani kimelipa 15, na sisi milioni 36 zipo, zinawekewa nani? Ukumbi ukachangamka. Mwingine akasema 14. Mwenyekiti alijaribu kueleza habari za mtaji, watu wakamzomea, naye mwaka ule alikuwa anagombea tena. Tukapiga kura kwa mikono. Asilimia 14 ya milioni 180 ni milioni 25 na laki mbili. Ilipita.

Hakuna mtu aliyeuliza swali moja ambalo leo ningemwomba kila mwanachama aulize: hiyo ziada ya milioni 41, iko wapi kwa sasa, kwa noti?

Jibu lilikuwa kwenye kile kijitabu tulichokikalia. Ukurasa wa mizania ulionyesha kwamba fedha taslimu na fedha za benki zilikuwa milioni 96 mwaka ulipoanza na milioni 58 mwaka ulipokwisha. Chama kilichotangaza ziada ya milioni 41 kilikuwa kimepungukiwa fedha kwa milioni 38. Hilo peke yake si uthibitisho wa uovu, maana fedha zinaweza kuwa zimetoka kama mikopo mipya. Lakini ni mahali pa kusimama na kuuliza, na sisi tulipita mbio.

Hizo milioni 58 ndizo zilizokuwa zinasimamia akiba za wanachama za milioni 620. Ni kama asilimia 9. Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo lina vipimo vyake vinavyoitwa PEARLS, na kimoja kinataka chama kiwe na fedha za haraka zisizopungua asilimia 15 ya akiba. Tulipomaliza kulipana gawio zilibaki kama milioni 33, ambazo ni asilimia 5. Halafu muhula wa pili ukafika. Mwaka ule shule zilikuwa zimefunguliwa mwezi wa kwanza baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa, wazazi wote walikuwa na karo kwa wakati mmoja, na bei za sabuni, mafuta ya kula na petroli zilikuwa zinapanda kila wiki. Kila mtu alikwenda dirishani. Ndiyo ile foleni niliyoikuta.

Mwezi wa nane tuliitisha mkutano maalumu. Ofisa biashara wa wilaya alikuja akakaa meza ya mbele. Kulikuwa na kelele nyingi, na mwisho wake tulichagua kamati mpya ya uangalizi, watu watatu, na mimi nikawa mmoja wao. Kazi ya kamati hii ni kuwakagua bodi na meneja kwa niaba ya wanachama. Sikuwa na ujuzi wa uhasibu. Nilikuwa na uzoefu wa kukopesha mukene kwa miaka kumi na tano, na nilikuja kugundua kwamba huo ulitosha kwa sehemu kubwa, kwa sababu tatizo letu lilikuwa lile lile la daftari la madeni.

Nieleze hivi. Mteja wangu akichukua debe kwa mkopo na tukakubaliana atalipa 60,000, siwezi kwenda Majanji na ile 60,000 ya kwenye daftari. Mvuvi ataniangalia tu. Sasa SACCO yetu ilikuwa imeandika mapato ya riba kwa namna hiyo hiyo. Kompyuta kila mwisho wa mwezi inamwandikia mkopaji riba yake na papo hapo inaiingiza kwenye mapato, awe amelipa au hajalipa. Katika mapato ya mwaka 2021, riba ya milioni 30 ilikuwa haijaingia. Milioni 25 kati ya hizo zilikuwa za watu waliokuwa wameacha kulipa muda mrefu. Kuandika riba kabla ya kuipokea si kosa kwa mkopo unaolipwa vizuri. Mkopo ukishalala, mhasibu anatakiwa asimamishe.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitupa kazi ya wiki tatu. Mimi na mwenzangu tulikaa ofisini na mafaili ya mikopo, moja baada ya jingine, tukiandika kwenye karatasi kubwa ya manila: jina, tarehe ya kukopa, tarehe ya malipo ya mwisho. Faili la kwanza lililonishtua lilikuwa la mfanyabiashara wa nguo aliyekopa milioni 8 mwaka 2019. Mwezi wa tatu 2020, mpaka ulipofungwa kwa watu na soko la nguo likafungwa, alisimama kulipa. Kwenye kompyuta, hata hivyo, alikuwa hana hata siku moja ya kuchelewa. Tukarudi nyuma kurasa mbili. Mwaka 2020 alipewa mkopo mpya wa milioni 9 na nusu, na siku hiyo hiyo mkopo wa zamani na riba yake ukafungwa. Mwaka 2021 hivyo hivyo, milioni 11. Hakuna shilingi iliyotoka wala kuingia. Sahihi zilikuwepo, mihuri ilikuwepo. Kila mwaka deni lilikuwa linavishwa nguo mpya, na kwenye ripoti lilionekana kama mkopo kijana wenye afya.

Sisemi aliyefanya hivyo alikuwa mwizi. Mwenye mkopo alikuwa amefilisika kweli na meneja alikuwa anatumaini mpaka utafunguka. Kumwongezea mtu muda baada ya balaa ni uungwana. Kosa lilikuwa kuficha kwamba muda umeongezwa. Mkopo uliopangwa upya unatakiwa kuandikwa pembeni, kwa jina lake, na kuendelea kuhesabiwa kuwa na shaka mpaka mkopaji aonyeshe kwa miezi kadhaa kwamba analipa.

Tulipomaliza karatasi yetu tulipata kwamba katika mikopo ya milioni 700, milioni 153 ilikuwa haijalipwa kwa zaidi ya siku 30. Hiyo ni karibu asilimia 22. Vipimo vya PEARLS vinataka isizidi 5. Na kati ya hizo 153, milioni 53 zilikuwa zimepitisha miezi kumi na miwili.

Mkaguzi mpya alitufanyia hesabu mbele ya macho yetu, na nitaiweka hapa kama alivyoiweka kwenye karatasi, maana ndiyo kiini cha yote. Kwa kipimo hicho, mkopo uliochelewa zaidi ya mwaka unawekewa fungu la hasara, yaani fedha inayotengwa kwa ajili ya mkopo usiporudi, sawa na mkopo wote, asilimia 100. Uliochelewa kati ya mwezi mmoja na kumi na miwili unawekewa asilimia 35. Kwetu hiyo ilikuwa milioni 53 nzima, kisha asilimia 35 ya milioni 100 zilizobaki, yaani 35. Jumla 88. Fungu lililokuwa limewekwa lilikuwa milioni 12. Pengo, 76.

Kisha akachukua ile ziada tuliyoipigia makofi, 41. Akatoa riba isiyopokelewa, 25. Ikabaki 16. Akatoa pengo, 76. Ikawa hasara ya milioni 60.

Tulikaa kimya. Mwenzangu akauliza kwa sauti ya chini hasara hiyo inakwenda wapi. Mkaguzi akasema, kwanza inamezwa na mfuko wa akiba ya chama, ule usioguswa, uliokuwa na milioni 24. Milioni 36 zinazobaki zinakwenda kwenye hisa. Hisa za milioni 180 zinakuwa na thamani ya milioni 144. Kila hisa tuliyoinunua kwa 20,000 ilikuwa kwa haki 16,000. Baada ya hapo tukajilipa gawio la milioni 25 na laki mbili juu ya hasara, na hisa ikashuka mpaka 13,200.

Kwa hisa zangu 150, thamani ilikuwa imetoka milioni tatu kwenda chini ya milioni mbili, katika mwaka ule ule niliofurahia 420,000. Hakuna barua iliyonifikia wala ujumbe wa simu. Kitabu changu bado kinasema hisa 150, milioni tatu.

Nilipowaeleza wenzangu sokoni, karibu wote waliniuliza jambo moja: kwani serikali haitulindi? Pale ofisini ukutani kuna cheti cha usajili kimewekwa kwenye fremu, chenye muhuri wa Msajili wa Vyama vya Ushirika, na watu wanakiona kama dhamana. Cheti kinasema chama kipo kisheria. Hakisemi fedha ziko salama. Uganda ina Mfuko wa Kulinda Amana, unaomlipa mwenye akiba hadi shilingi milioni 10 benki yake ikifungwa, lakini unahusu benki na taasisi zilizo chini ya usimamizi wa Benki Kuu zinazouchangia. SACCO kama yetu haimo. Ikianguka, kinachokulinda ni mikopo itakayokusanywa, mfuko wa akiba ya chama, na hisa za wanachama. Ndiyo maana ule mfuko usioguswa, ambao kila mwaka wanachama wanataka ugawanywe, ni ukuta wa mwisho kati ya hasara na fedha zako mwenyewe. Wetu ulikuwa milioni 24 mbele ya akiba za milioni 620.

Kuna hatari nyingine iliyonigusa, nitaigusia tu. Kati ya akiba yangu ya milioni nne na laki sita, milioni mbili nilikuwa nimeziweka dhamana kwa mkopo wa mwenzangu anayeuza sangara. Fedha iliyowekwa dhamana haitolewi mpaka mkopo ule uishe. Alipokwama, walikata akiba yangu kwa kiasi alichobakiza. Nilipotia sahihi niliona ni ujirani mwema. Sikuona kwamba nilikuwa nimeukopesha mimi mwenyewe, bila riba.

Kilichonisumbua zaidi kuliko hesabu zote ni mzee mmoja, mstaafu wa jeshi. Mwaka 2023 aliamua kurudi kwao kaskazini akalime. Alikuwa na hisa 60, kwa maandishi milioni moja na laki mbili. Alikuja kibandani kwangu asubuhi, akakaa kwenye kreti, kofia magotini.

"Mwanangu, wewe uko kwenye kamati. Wameniambia nitafute mnunuzi. Ninunulie wewe."

Nilijua hisa ile ina thamani gani. Nilijua pia kwamba yeye alikuwa ametoa fedha kamili, noti kwa noti, kutoka kwenye kiinua mgongo chake. Nikimnunua kwa 20,000 najidanganya mwenyewe, nikimpa 13,000 namnyang'anya mzee, na vilevile sikuwa na milioni moja ya kununulia.

"Mzee, hisa hizi kwa sasa haziuziki kwa bei uliyonunulia," nikamwambia. "Nisikufiche."

"Lakini mwaka jana zimelipa 14."

Nikamweleza zile 14 zilitoka wapi. Nilitumia vijiti vya kufungia magunia, nikapanga juu ya meza akiba, hisa, mikopo iliyolala, kisha nikaondoa kimoja kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi tulikula mbegu." Akaondoka. Hisa zake bado zimo, amezihamishia kwa jina la binti yake aliyebaki Busia.

Mkutano wetu uliamua tusipunguze thamani ya hisa kwenye vitabu, bali tulijaze pengo kwa ziada ya miaka inayofuata. Hakukuwa na gawio kwa mwaka 2022 wala 2023. Wanachama kadhaa wenye akiba kubwa waliondoka mara tu dirisha lilipolegea, na sikuwalaumu. Meneja alibadilishwa. Yule mfanyabiashara wa nguo alianza kulipa 150,000 kwa mwezi, na bado analipa. Wengine waliuza viwanja. Wengine walivuka mpaka na hatujawaona tena.

Kamati yetu ilibadilisha vitu viwili ambavyo naona vimesaidia. Kila mwezi karatasi moja inabandikwa mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kisamia, yenye mistari mitano: akiba za wanachama, mikopo yote, mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, mikopo iliyopangwa upya, na fedha zilizopo leo. Na kwenye mkutano mkuu, kabla ya mtu yeyote kutaja gawio, mhasibu anatakiwa kusoma riba iliyoandikwa na riba iliyopokelewa, moja chini ya nyingine. Mara ya kwanza watu walipiga miayo. Mwaka uliofuata mama mmoja wa mahindi aliuliza kwa nini tofauti imeongezeka kwa milioni mbili, na meneja akatumia robo saa kumjibu.

Mwezi wa tatu 2025 tulikutana tena kwenye ukumbi ule ule. Ziada ilikuwa milioni 33 baada ya kuweka fungu la hasara, mikopo iliyochelewa ilikuwa imeshuka mpaka asilimia 7. Bodi ilipendekeza gawio la asilimia 3, watu wapate angalau kitu baada ya miaka mitatu. Niliomba tusubiri mwaka mmoja zaidi, kwa sababu pengo la hisa lilikuwa bado halijazibika. Nilieleza kwa kirefu, na kijitabu mkononi. Mzee wa mitumba, yule yule wa mwaka 2022, alisimama akaniuliza zimebaki milioni ngapi kufika 180. Nikamtajia: 9. Akaketi.

Tukapiga kura kwa mikono. Asilimia 3 ilipita kwa tofauti ya watu kumi na wanane. Kwenye hisa zangu ilikuwa 90,000, nami niliiacha mle mle, kwenye akiba.